Dizeli Ikiingia Kwenye Chumba Kilichobeba Petroli

Kwenye maghala ya mafuta watu huwa makini lori likija kupakia petroli, kisha hulegea zamu ya dizeli ikifika. Kwa maoni yangu, upakiaji wa kuogopwa zaidi ni wa dizeli kwenye chumba cha tenki kilichotoka kubeba petroli.

Chukua lori lililopakia petroli Kurasini, likaishusha Morogoro, likarudi kuchukua dizeli. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Chumba kikijazwa petroli, mvuke hupita kiwango hicho upesi na hauwaki, kwa kuwa hewa ni haba. Lakini wakati wa kushusha hewa iliingia, na sasa dizeli inayomiminwa inafyonza sehemu ya mvuke uliobaki. Mchanganyiko hushuka hadi pale unapowaka.

Dizeli hiyohiyo huleta na umeme tuli. Inapopita kwenye chujio huzoa chaji, na dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hupitisha umeme kwa shida, hivyo chaji hukawia kutoka. Cheche ndogo ya milijuli 0.25 hivi inatosha kuwasha mvuke.

Waya wa ardhi hufungwa kabla ya kufungua mfuniko na hutolewa mwisho, mfuniko ukishafungwa. Kibanio cha waya kishike chuma kitupu, kwa sababu rangi na kutu huzuia umeme. Kipimo cha ukinzani wa muunganisho huo kikizidi ohm 10, kuna kiungo kilicholegea au kilichoshika kutu; msianze. Bomba la kupakia nalo liunganishwe na tenki, ili pasiwe na tofauti ya umeme kati yao. Hata hivyo waya huo hutoa chaji ya bati la tenki tu. Ile iliyo ndani ya mafuta hutoka kwa muda wake, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wakishaona kibanio kimefungwa, hufungulia pampu yote.

Anza na mita moja kwa sekunde. Kwa bomba la kipenyo cha milimita 100 hiyo ni kama lita 470 kwa dakika. Mdomo wa bomba ufike karibu na sakafu ya chumba, na kasi isiongezwe mpaka uzame sentimita 20. Kutoka kwenye chujio hadi tenki, mafuta yapate angalau sekunde 30 njiani. Mkimaliza, subirini dakika moja au zaidi kabla ya kuingiza fimbo ya kupimia. Fimbo ya chuma ikikaribia mafuta yenye chaji, cheche huruka pale pale penye mvuke.

Ningependa hati ya upakiaji itaje mafuta ya mwisho ya kila chumba. Dereva asipojua, chumba kihesabiwe kuwa kilibeba petroli. Kupakia kutoka chini hupunguza mrushiko wa mafuta, lakini mvuke wa petroli bado umo ndani, kwa hiyo mwanzo wa polepole hauondolewi.