Fimbo ikiondoka, ngazi iwepo

"Mkituondolea fimbo, darasa la watoto tisini tulishike kwa kitu gani?"

Walimu huuliza hivyo karibu kila nidhamu chanya, yaani kumrekebisha mwanafunzi bila kipigo, inapotajwa, na mara nyingi hujibiwa kwa hotuba ya haki za mtoto, hotuba ambayo ina ukweli wake lakini haimsaidii mtu anayeingia darasani saa mbili asubuhi. Aliyeuliza ana swali la kazi. Jibu lake lipo, ila halijaelezwa vizuri, na kwa sababu hiyo wengi wanaamini kwamba sera ya nidhamu chanya ni sera ya kumwacha mtoto afanye atakavyo. Kwa maoni yangu sera hiyo ikiandikwa sawasawa humbana mwanafunzi kuliko fimbo, na ugumu wake halisi unawaangukia watu wazima.

Tuanze na fimbo yenyewe kama sheria ya Tanzania Bara inavyoijua. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa wakati mmoja, kwa kosa zito, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike ikiwa yupo, na kila adhabu huandikwa kitabuni. Sasa linganisha na shule tunazozifahamu. Monita anaandika majina ya wapiga kelele kwenye karatasi, mwalimu anaingia na kuwachapa wote kwa zamu. Mwingine anasahihisha hesabu na kutoa kiboko kimoja kwa kila jibu lililokosewa. Hakuna idhini, hakuna kitabu, na kukosa hesabu hakujawahi kuwa kosa zito la nidhamu. Anayetetea fimbo kwa hoja kwamba sheria inairuhusu anatetea fimbo ambayo hutumika kwa nadra sana.

Pengo hilo lina sababu. Fimbo ni ya haraka mno, na kwa kuwa ni ya haraka inaruka hatua iliyopaswa kuitangulia, yaani kujua nini kimetokea. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kuchapwa akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu aliyemchapa kunyongwa. Tukio hilo ni la kupita kiasi na si haki kuwapimia walimu wote kwalo. Hata hivyo mpangilio wake, tuhuma ikifuatwa na kipigo papo hapo, ni ule ule wa kila siku. Kilichozidi ni nguvu.

Sera ya nidhamu chanya inayostahili jina hilo huweka ngazi ya hatua, na kila hatua ina mwenyewe na muda wake. Ya chini kabisa ni ya mwalimu aliye darasani na huchukua sekunde chache: kumsogelea mwanafunzi, kumtaja jina kwa sauti ya kawaida, kumwelekeza kwenye kazi iliyo mezani bila kusimamisha somo. Asipojirekebisha, anaambiwa pembeni achague kati ya mambo mawili yanayotekelezeka, kwa mfano kuimaliza kazi sasa au kuimalizia sehemu ya mapumziko. Hatua ya tatu ni matokeo yanayohusiana na kosa: aliyechafua anasafisha, aliyeharibu anasaidia kutengeneza, aliyepoteza muda anaufidia. Kosa likijirudia linafika kwa mwalimu wa darasa, ambaye anazungumza naye, anaandika kwa ufupi walichokubaliana na kumwita mzazi. Juu ya hapo kuna mwalimu wa nidhamu pamoja na mwalimu wa ushauri nasaha, na mwisho mkuu wa shule na bodi, ambao ndio wenye mamlaka ya kumsimamisha mwanafunzi. Makosa kama kupigana kwa silaha, dawa za kulevya au unyanyasaji wa kingono hayapandishwi ngazi hatua kwa hatua. Yanaanzia juu siku hiyo hiyo.

Mambo mawili huachwa katika sera nyingi, na bila hayo ngazi haifanyi kazi. La kwanza ni kushuka: mwanafunzi akikaa muda uliotajwa, tuseme wiki mbili, bila kurudia kosa, anaanza upya chini. Asiposhuka, wale watundu sugu wote watakuwa ofisini kwa mkuu ifikapo katikati ya muhula, na hawatakuwa na cha kupoteza. La pili ni kutaja waziwazi kile kisichomo katika ngazi. Shule nyingi zilizoweka fimbo chini ziliokota kupiga magoti kwenye kokoto, kuruka kichura, kusimama juani na kulima shamba. Maumivu yamebaki yale yale, yamebadili jina tu.

Tuchukue kosa la kawaida kuliko yote, kuchelewa namba, katika shule ya kata ya Dar es Salaam. Kwa desturi mwalimu wa zamu anasimama getini, kila aliyechelewa anapata viboko viwili na kukimbilia darasani. Dakika tano zimetosha. Jumanne ijayo nyuso ni zile zile. Kwa ngazi, siku ya kwanza jina na sababu vinaandikwa kwenye daftari la geti na mwanafunzi anaingia darasani bila kucheleweshwa zaidi. Siku ya pili mwalimu wa darasa anamuuliza kwa dakika mbili au tatu. Wiki ikiisha daftari linaanza kusema jambo ambalo fimbo haikuwahi kulisema: mmoja anaachwa kituoni kila asubuhi kwa sababu makondakta hawataki nauli ya mwanafunzi, mwingine anachota maji na kumpeleka mdogo wake shule ya awali kabla hajaondoka, na wa tatu hana sababu yoyote, anazubaa njiani na wenzake.

Watu hao watatu walikuwa wanapata viboko vile vile. Sasa wa kwanza shule inampangia kituo kingine au kundi la kutembea pamoja, na viongozi wa stendi wanaelezwa tatizo. Wa pili anaitiwa mzazi ili kazi za asubuhi zipangwe upya. Wa tatu anafidia dakika zake wakati wa mapumziko, akifanya zoezi alilolikosa, kila siku anayochelewa, bila kusamehewa hata moja. Huyu wa tatu ndiye atakayekuambia kuwa alipendelea viboko, kwa sababu viboko vilikwisha kabla ya saa mbili. Mwongozo wa walimu useme pia kwamba fidia haichukui muda wa chakula, wala haiwekwi baada ya masomo kwa wanaokaa mbali, maana msichana anayerudi nyumbani gizani atakuwa ameadhibiwa kwa hatari ambayo hakuna mwalimu aliyeikusudia.

Upande wa pili una hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya muda. Katika darasa la watoto tisini, ukizungumza na kumi kwa dakika tatu kila mmoja, nusu saa imekwenda, na kipindi ni dakika arobaini. Hoja hii inaangusha sera yoyote inayomtaka mwalimu afanye ushauri nasaha kwa kila kelele. Haiangushi ngazi ambayo sehemu kubwa ya makosa inaishia kwenye hatua ya sekunde, lakini hilo linahitaji kazi ya kuanza kuwapo ubaoni kabla ya mwalimu kuita majina, kanuni za darasa zisizozidi tano, na njia ya kupita kati ya madawati. Pale madawati yamebanana hadi ukutani, mwalimu hawezi kumsogelea mtu, na sera ikae ikijua hivyo. Ipo pia hoja ya wazazi, ambao wengi husema "mchape tu, mwalimu" na humwona asiyechapa kuwa mvivu. Na wiki za mwanzo huwa mbaya kweli: wanafunzi waliozoea fimbo huanza kupima kina cha maji, utundu unaongezeka, na ni katika wiki hizo ndipo shule nyingi huamua kuwa jaribio limeshindwa.

Kuna takwimu moja ambayo kila upande unaweza kuichukua, nami huirudia mara kwa mara kwa sababu hiyo. Katika wilaya ya Luwero nchini Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki jaribio la mpango wa kubadili mwenendo wa shule nzima, nusu zikipata mpango na nusu zikisubiri, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Baada ya miezi 18, katika shule zilizosubiri asilimia 48.7 ya wanafunzi walisema wafanyakazi wa shule wamewafanyia ukatili wa mwili katika wiki moja iliyopita. Katika shule zenye mpango ilikuwa asilimia 31.0. Mpinzani atasema: mwaka mmoja na nusu wa mafunzo, na bado karibu mtoto mmoja kati ya watatu. Yuko sahihi, na anayeahidi shule isiyo na kipigo baada ya semina ya siku mbili aisome namba hiyo tena. Lakini itazame ile ya kwanza. Uganda wizara ilikuwa imeshaagiza miaka mingi nyuma kwamba viboko vikome shuleni, na bado karibu nusu ya watoto walipigwa ndani ya siku saba. Katazo peke yake lilifika hapo. Kilichoshusha namba ni kazi iliyofanyika ndani ya shule. Kuhusu alama za mitihani, jaribio halikuonyesha tofauti kati ya makundi mawili. Wanaoahidi kuwa ufaulu utapanda wapunguze sauti, na wanaohofu kuwa utaporomoka hawana pa kushika.

Kenya inaonyesha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikavifanya kosa la jinai. Hata hivyo mwaka 2021, mabweni yalipokuwa yakichomwa, waziri wa elimu wa wakati huo, George Magoha, alitaka vifikiriwe upya. Mtu hukumbuka fimbo pale ambapo baada ya miaka 20 hajapewa kitu kingine mkononi.

Mkuu wa shule anayetaka kujua kama ngazi yake inatumika asome daftari la makosa na hatua zilizochukuliwa mwishoni mwa kila mwezi. Maandishi ya hatua ya nne yakizidi ya hatua ya tatu, walimu wanaruka hatua za chini na kuwapeleka wanafunzi moja kwa moja kwa mwalimu wa darasa. Jina la mwalimu mmoja likitokea mara nyingi kuliko ya wengine wote, darasa lake litembelewe kabla ya kuwalaumu watoto. Daftari likiwa tupu kabisa, fimbo imerudi. Na kwa Tanzania Bara libaki wazi kwamba kanuni za 2002 bado zinaruhusu kumwondoa shuleni mwanafunzi anayekataa viboko, kwa hiyo shule iliyopitisha ngazi iandike ndani ya sera yake, kwa saini ya bodi, kwamba mkuu hatatoa idhini ya kuchapa kwa mwalimu yeyote. Kanuni zenyewe zinataka idhini hiyo iwe ya maandishi, na hakuna kinachomlazimisha mkuu kuiandika.