Ile asilimia 90 tuitoe, jamani

Wiki iliyopita nimeletewa stori ya mteja niinyooshe kabla haijaenda kwa wanunuzi, mteja ni dada mwenye duka la dawa anayetumia sistimu ya stoo. Kurasa mbili nzima ni alivyokulia kijijini na alivyohangaika na mtaji, halafu mwisho kabisa, chini ya picha, ndo unakuta: hasara ya dawa zilizopita muda imeshuka asilimia 90. Sasa mwenye duka mwenzie anayetaka kujua kama anunue hiyo sistimu atafika huko chini saa ngapi? Namba ikae juu, mstari wa kwanza, na maisha ya dada yafuate.

Ila kabla ya kuipandisha nikaomba daftari lake la dawa anazotupa. Nikakuta walichukua Machi, alipotupa dawa za laki 9, wakaweka pembeni ya Novemba alipotupa za elfu 90. Mwezi mbaya kuliko yote na mwezi mzuri kuliko yote! Na hiyo Machi kumbe kuna katoni za sirapu za antibayotiki ziliisha muda kwa mpigo, kitu ambacho hakijajirudia. Nikachukua miezi 6 kabla ya sistimu na 6 baada, Januari mpaka Juni alikuwa anatupa wastani wa 410,000 kwa mwezi, ukiitoa Machi inabaki 312,000, na Julai mpaka Desemba ni 150,000. Kwa hiyo hasara imepungua kama nusu, na hiyo nusu ndo nimeiandika juu, pamoja na shilingi zenyewe na miezi yake, na sentensi moja ya kwa nini Machi haimo.

Bosi hakufurahi. Sawa, nakubali 90 inavuta macho kuliko nusu, sibishi. Lakini msomaji wetu anauza dawa, anajua fika hasara ya kuisha muda haiwezi kuyeyuka yote, akiona 90 anafunga ukurasa na hata ile nusu ya kweli haiamini tena.

Kingine, Agosti, ndani ya miezi hiyohiyo ya baada ya sistimu, dada aliajiri kijana wa kupanga shelfu, dawa zinazokaribia kuisha muda zinakaa mbele. Hilo nalo limepunguza hasara, sistimu haikufanya kazi peke yake, nimelibandika aya ileile ya namba, sio chini kwa herufi ndogo.

Maneno waliyomlisha, eti "suluhisho hili limebadilisha maisha yangu", nimeyafuta. Nilimpigia, nikamuuliza kimebadilika nini, akasema, "Mdogo wangu, saa hizi simu inaniambia mwezi mmoja kabla, namrudishia msambazaji wakati bado anapokea." Nikamsomea aya yote ya namba na ya yule kijana. Akakaa kimya kidogo, akasema hapo sawa, ila andika na kijana anaanza saa moja asubuhi. Nimeandika.