Asilimia 130 ya chanjo na mpaka wa zahanati za mwambao

"Chanjo asilimia 130 inatoka wapi? Hao wa visiwani wanapika takwimu."

Hivyo ndivyo zahanati za mwambaoni husemwa kwenye kikao cha wilaya. Tuanze na hesabu yenyewe, kwa mfano wa kukokotoa. Zahanati moja iliyo jirani na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, imepangiwa vijiji vyenye watu 8,000. Tukichukua watoto wa chini ya mwaka mmoja kuwa asilimia 4, idadi lengwa ni watoto 320. Mwisho wa mwaka imewapa dozi ya tatu ya Penta, chanjo ya magonjwa matano kwa sindano moja, watoto 416, ambao ni asilimia 130. Zahanati ya kata ya nyuma, yenye watu 7,500, inalenga watoto 300 na imewafikia 174, asilimia 58. Kwenye kikao muuguzi wa kwanza anaitwa mwongo na wa pili mvivu. Lakini ukiziunganisha zote mbili unapata watoto 590 kati ya 620, yaani asilimia 95. Akina mama wa kata ya nyuma huja mwaloni siku ya soko, huuza, hununua dagaa, na mtoto anachomwa sindano hapohapo. Kosa liko kwenye mpaka uliochorwa kwa kufuata vijiji, wakati mama anafuata njia anayopita kila wiki.

Mwambaoni kuna jambo jingine, nalo ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka kambi hupungua watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, siku chache kabla ya mwezi kuandama, yaani kipindi ambacho kambi huwa zimejaa. Baadaye namba hiyo ya usiku mmoja huongezwa kwa kiwango cha ukuaji mwaka hadi mwaka na kugawiwa kila zahanati, kana kwamba wavuvi hawahami kufuata samaki. Kwa hiyo kambi moja inaweza kubaki na watu wa kwenye karatasi walioondoka zamani, na nyingine ikapokea watu ambao hakuna aliyewapangia dozi. Muuguzi wa huko huishiwa chanjo katikati ya mwezi kwa sababu oda yake hufuata idadi lengwa.

Wapangaji wa wilaya nao wana hoja nzito. Kila mganga mfawidhi akijitungia idadi ya watu wake, jumla ya zahanati zote itazidi watu wa wilaya, na kata yenye diwani mwenye sauti ndiyo itakayovuta vifaa. Namba moja inayotoka kwenye sensa huzuia hilo. Pia ndiyo inayowezesha kulinganisha wilaya na wilaya: Shirika la Afya Duniani hutumia kigezo cha vituo 2 vya kutolea huduma za afya kwa watu 10,000, sawa na 0.2 kwa kila elfu. Ukerewe, wilaya ya visiwa ndani ya Ziwa Victoria iliyohesabiwa watu 387,815, ingehitaji vituo kama 78. Hapo uwiano unafaa, kwa kuwa unaonyesha wilaya iliyo nyuma. Hauonyeshi maji yanayotenganisha kisiwa na kisiwa, wala hautenganishi zahanati yenye muuguzi mmoja na hospitali ya Nansio, makao makuu ya wilaya, kwani vyote huhesabiwa kituo kimoja kimoja. Mgonjwa wa kisiwa cha Ukara hana kilomita tano za kutembea hadi Nansio; ana kivuko cha kusubiri.

Kwa hiyo namba ya sensa ibaki kwenye kugawa fedha na majengo. Kumpima muuguzi kwa namba hiyohiyo ndiko kunakomwonea, tena bila sababu, maana kipimo kisichohitaji idadi ya watu kipo. Linganisha Penta ya kwanza na ya tatu. Zahanati ya mwaloni ilianza na watoto 430 na kumaliza na 416, imepoteza asilimia 3 tu. Ile ya nyuma ilianza na 190 ikamaliza na 174, imepoteza asilimia 8. Zote ziko chini ya asilimia 10, na huyo aliyeitwa mvivu anawafuatilia vizuri watoto wachache wanaomfikia.

Anayepika takwimu hujulikana kwingine. Penta ya tatu ikizidi ya kwanza mwezi hadi mwezi, fungua leja ya chanjo: dozi zilizotoka kwenye jokofu haziwezi kuwa pungufu ya sindano zilizoandikwa. Zikiwa pungufu, kuna watoto wa karatasi. Zikitosha, soma rejesta ya watoto kwenye safu ya makazi, uhesabu wanaotoka nje ya vijiji ulivyopangiwa. Wakiwa theluthi moja miezi kadhaa mfululizo, Mganga Mkuu wa Wilaya ahamishie dozi zao mwaloni na kuzipunguza kule nyuma, ili jumla ya wilaya isibadilike hata kwa mtoto mmoja.