Kaimati na Kadi Nyekundu

Usiku ule wa Ramadhani nilikuwa nacheza mpira wa PlayStation, mtandao ukanipangia fundi. Winga wake wa kushoto akikaribia boksi husimama, akazungusha mguu juu ya mpira, akakungoja. Anachongoja ni kitufe chako cha duara. Ukikibonyeza mapema, beki anarusha mguu hewani, halafu anaganda kidogo, na hapo ndipo anapopitwa. Bao lake la kwanza lilipatikana hivyo.

Nikasawazisha kwa kona, kisha nikabadili ukabaji. Nikaachia R2 ya mbio, nikashika L2 ya kukaba peke yake. Beki wa namna hiyo hapigi mbio. Anamkabili mwenye mpira na kurudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo. Nilimweka hatua moja mbali na winga, upande wa ndani, ili njia iliyobaki iwe ya kibendera cha kona tu. Winga akichomoka, naongeza R2 bila kuiachia L2. Beki wa kati sikumtoa kwake. Nilimshusha kiungo mkabaji aje kuziba.

Jamaa akazungusha mguu mpaka nikamwonea huruma.

"Mjomba, mbona humnyang'anyi?" akauliza mtoto wa dada yangu.

"Nangoja augonge mbele. Ukiwa mguuni ni wake huo."

Sasa, mimi nikikaba kwenye skrini, na mwili wangu unakaba. Winga akienda kulia, nami naenda kulia. (Anayekaba huku amekaa wima, mimi simwamini.) Na dada alikuwa ameweka bakuli la kaimati kwenye stuli, kulia kwangu.

Dakika ya 84 winga akaingia ndani ya boksi, akaugonga mpira mrefu kidogo. Ndio niliokuwa nikiungoja! Nikainama kumfuata, kochi likaniishia. Nilipokuwa naanguka kidole kikateleza kutoka duara hadi mraba, na mraba ni kuteleza chini. Beki wangu akamfagia winga, mimi nikaifagia stuli. Penalti, kadi nyekundu, na shira mpaka kwenye nywele.

"Kaimati za watu hizo!" Dada alikuwa mlangoni.

Penalti ikaingia. Nikaifuta pedi kwa kanzu, nikaendelea, maana dakika zilikuwepo bado. Dakika ya 90 mshambuliaji wangu akabaki na kipa tu. Nikabonyeza R2 akimbie. Akasimama, akampa kipa mgongo, akatanua mikono kuukinga mpira. Shira ilikuwa imeingia kwenye L2, kitufe kimezama hakirudi, na ukiwa na mpira L2 ni ya kuukinga, si ya kukaba.

"Mjomba," mtoto akasema, mdomo umejaa kaimati alizookota, "huyo anamficha nani mpira?"

Beki wao akaja kwa nyuma, bila haraka, akauchukua.