Chungu cha Bibi Kimepata Sifuri ya Glezi

Wiki iliyopita niliingizwa kwenye kundi la Wasapu bila kuulizwa, kama ilivyo ada ya nchi hii. Nilidhani ni kamati ya harusi. Kumbe ni waamuzi. Kuna watu wanataka kununua vyungu vya kupamba na kupikia katika sehemu yao ya chakula hapa Dodoma mjini. Badala ya kupanda bodaboda wakavishike, wameomba picha kwa wafinyanzi saba na jedwali limetumwa: ulinganifu alama 25, usawa wa glezi, lile tabaka la kung'aa juu ya chombo, 25, umaliziaji 25, kutokuwa na nyufa 25. Picha moja kwa kila mfinyanzi. Tupige kura hadi Ijumaa.

Picha namba 3 niliijua kabla sijasoma jina. Ni chungu cha bibi mmoja wa upande wa Bahi ambaye mama yangu amenunua kwake vyungu vya mlenda tangu mimi navaa kaptura. Hadi nafungua simu, waamuzi wenzangu walikuwa wameshampa ulinganifu 14, umaliziaji 12, nyufa 8, na glezi sifuri. Jumla 34. Namba 6, chombo cha maua cha kijani kinachometameta kama sahani ya sikukuu, kilikuwa na 94.

Sifuri ya glezi! Ni kama kumnyima alama mbuzi kwa sababu hana manyoya ya kuku. Bibi huchoma vyungu vyake uwanjani, juu ya kuni na samadi kavu ya ng'ombe. Moto wa namna hiyo huchezea nyuzi 700 hadi 800, siku ya neema hufika 900, kisha unazimika. Glezi ya kawaida ni kioo, na kioo hicho hakiyeyuki vizuri mpaka upite nyuzi 1000 hivi, ndani ya tanuru, tena kwa utaratibu. Ule mng'aro mdogo unaouona kwenye tumbo la chungu chake ni wa kusugua na jiwe laini la mtoni wakati udongo umekauka nusu. Jedwali halikuwa na safu ya jiwe. Tuendelee.

Ninachotaka kusema leo ni nyufa, maana hapo ndipo nilipokasirika kweli. Waamuzi waliona ufa kwenye namba 3 wakakata alama 17. Hawakuuona wa namba 6, wakatoa 25 zote. Na kati ya nyufa hizo mbili, ulioniogopesha mimi ni ule ambao haukuonekana.

Anza na wa bibi. Ukikuza picha, unaona ufa mmoja unaoanzia kwenye ukingo wa mdomo na kushuka wima, urefu wa kama pingili mbili za kidole. Juu umeachama, unaweza kupitisha ukucha. Chini unakuwa mwembamba hadi unapotea. Kingo zake ni za mviringo kidogo, laini, kama mdomo wa mtoto aliyeanza kusema neno akaacha. Ufa wa sura hiyo umezaliwa kabla ya moto, wakati wa kukausha.

Nilimpigia. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, umekula?" Nikamweleza habari ya picha. Akacheka. "Huo ni wa upepo. Nilikifunika na kitenge, mbuzi akakivuta."

Anayeishi Dodoma anaujua upepo wa mwezi wa saba. Unakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Udongo wa mfinyanzi unapokauka unasinyaa, na asilimia 6 si ajabu. Mdomo wenye kipenyo cha sentimita 20 una mzunguko wa karibu sentimita 63, kwa hiyo unahitaji kujikaza karibu sentimita 4. Sasa mdomo ndio mwembamba, ndio uko juu, ndio unapigwa na upepo kwanza. Wenyewe unataka kusinyaa, lakini tumbo chini yake bado bichi, nene, limejaa maji, halisogei. Pale palipo dhaifu panaachia. Ndiyo maana wafinyanzi hufunika mdomo na kitambaa chenye unyevu, au hukipindua chungu kifudifudi mara mdomo unapoweza kubeba uzito, ili kitako nacho kipate hewa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ufa huo ni kasoro. Ukikiweka chungu hicho kwenye mafiga kila siku utateremka polepole, na siku moja mchuzi utakuwa jivuni. Lakini ni ufa unaojionyesha. Unajua ulipoanzia na unapoelekea, na bei inaweza kuusema.

Sasa namba 6. Nilikuza picha hadi ikaanza kuwa vijiwe vijiwe. Pembeni, karibu na kivuli, kuna mstari mwembamba kama unywele. Unatoka kwenye kitako, unapanda kwa mshazari hadi tumboni. Nilidhani ni unywele kweli, nikafuta kioo cha simu. Nikaomba picha ya pili, na mwenyewe, kijana muungwana kabisa, akaituma. Mstari uko palepale, na glezi imekatwa pande zote mbili kwa ukali, kama kioo cha dirisha kilichopasuka.

Hapo ndipo glezi inapokuwa shahidi. Kama ufa ulikuwepo kabla glezi haijayeyuka, glezi ile ikiwa majimaji hujivuta kutoka kwenye kingo za ufa na kuganda ikiwa na ukingo wa mviringo, au huteremkia ndani yake. Kama kingo za glezi ni kali na zinatazamana sawasawa, basi glezi ilikuwa imeshaganda ufa ulipotokea. Maana yake ni ufa wa kupoa. Ndani ya udongo kuna chembe za mchanga mweupe, quartz, ambazo zikipita nyuzi 573 hubadilika ukubwa kwa ghafla, zikienda juu na zikirudi chini. Ukifungua tanuru mapema kwa sababu mteja anapiga simu, upande unaopigwa na hewa unapita hapo kwanza na upande wa pili bado. Chombo kinavutana chenyewe kwa chenyewe. Ufa huo mara nyingi umepita unene wote wa ukuta, hata kama kwa macho ni uzi tu. Tia maji, weka maua, panga watu wa sherehe, kisha subiri.

(Usiuchanganye na ule utando wa mistari midogo midogo kama wavu juu ya glezi nzima. Huo ni glezi iliyosinyaa kuliko udongo ulioibeba. Kwa maua hauna neno. Kwa chombo cha chakula siupendi, unanyonya mafuta na uchafu.)

Kwa hiyo picha zinaweza kutumika? Zinaweza, ila siyo moja, na siyo ya mchana wa jua kali. Jua la saa sita linapiga kutoka juu na kufuta kila kitu, na juu ya glezi linaweka doa jeupe ambalo mwamuzi mmoja aliliandika "glezi haiko sawa". Piga saa moja asubuhi, jua likiwa linatoka upande mmoja. Kila tuta na kila shimo litatupa kivuli chake. Kisha fanya jambo ambalo bibi alinifundisha bila kujua kwamba ananifundisha upigaji picha. Kwa chungu kisicho na glezi, pitisha kitambaa chenye maji mwili mzima, subiri dakika moja au mbili, tazama kinavyokauka. Uso unarudi kuwa mwekundu, lakini ufa unabaki na maji yake, mstari mweusi peke yake katikati ya udongo uliokwisha kauka. Hapo ndipo upige picha. Anayekutumia picha ya chungu kinachong'aa kwa mafuta au rangi ya viatu, muulize anaficha nini.

Halafu ulinganifu. Bibi alipata 14 kwa sababu chungu chake "kina mdomo mkubwa na kitako kidogo, kimeinama". Picha ilipigwa na mjukuu wake wa darasa la nne, amesimama juu ya chungu, simu umbali wa mkono mmoja. Simu ikisogea karibu hivyo, kilicho karibu nayo kinavimba na kilicho mbali kinanyauka. Jipige picha ya pua uone. Nilimwomba mtoto arudi nyuma hatua tatu, achuchumae hadi simu iwe usawa wa tumbo la chungu, kisha akuze mara mbili. Ikaja picha nyingine ya chungu kilekile, na nusura nisikitambue. Nikachora mstari wa kati kwenye skrini, nikapima kwa rula ya shule: kushoto milimita 31, kulia 30. Nikamwambia akizungushe robo, apige tena, maana chungu kinaweza kuwa sawa kwa mbele na bado kikawa na umbo la yai ukikitazama kutoka juu. Robo ya pili: 31 na 29. Hiyo ni kazi ya mikono mitupu. Bibi hana gurudumu. Yeye ndiye anayekizunguka chungu, akiinama, tangu kitako hadi mdomo.

Umaliziaji sina mengi. Lile doa jeusi tumboni waliloliita uchafu ni pale kuni zilipogusana na udongo na hewa haikufika. Wako watu Ulaya wanalilipia.

Na kuna kitu ambacho hakiingii kwenye picha yoyote. Kiweke chungu juu ya kiganja, kigonge na kifundo cha kidole. Kizima kinalia, hata kile cha moto mdogo kinatoa sauti yenye mkia. Chenye ufa wa ndani kinajibu "kha", basi. Niliandika kundini kwamba kila mfinyanzi atume sauti ya sekunde tano. Wawili waliniwekea kicheko. Mmoja akauliza sauti itapewa alama ngapi na itakaa safu ipi.

Namba 6 alituma. Nilisikiliza mara tatu, nikampigia kijana pembeni nisimwaibishe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka, tanuru nililifungua usiku. Walikuwa wanataka picha asubuhi."

Bibi hakutuma. Nilipomuuliza, akasema chungu hakipo, mama ntilie mmoja alikinunua Jumamosi. Amemwachia kwa elfu mbili pungufu, kwa ajili ya ule ufa.