Aoshe Nyuma, Polepole

Kwa kuwa rafiki yangu ameshairusha kwenye magrupu, tena kaitia chumvi zake, acheni niwasimulie mwenyewe kabla haijafika kwa wakwe.

Nilipewa mwongozo wa mtambo wa kusafisha maji niuweke kwa Kiswahili, niwasomee waendeshaji hapa Tabora. Sura ya shabu ilipita salama. Niliandika "kugandisha maji", mzee mmoja akanirekebisha kwa upole: "Mwanangu, maji hayagandi. Uchafu ndio unashikana, unakuwa madonge, madonge yanazama." Nikafuta, nikaandika kama alivyosema. Laiti ningempa na sura ya chujio.

Chujio la mchanga likijaa uchafu, maji yanapanda juu ya mchanga huku yanayotoka chini yakipungua. Dawa yake ni kuyarudisha maji safi kinyumenyume, yatoke chini kwenda juu, yabebe uchafu hadi mferejini. Mimi nikaita "kuosha nyuma". Msicheke bado.

Ukumbi umejaa. Mkuu wetu kakaa mbele, pembeni yake mama wa maabara na ushungi wake, heshima tupu. Nikashika maiki.

"Mwendeshaji akiona dalili za kuziba, asisubiri. Aoshe nyuma mara moja."

Mtu akakohoa.

"Kwanza aachie hewa." Jamani, ni kweli! Hewa inapulizwa toka chini ili ilegeze uchafu ulioganda kwenye mchanga. Lakini hilo nilikuwa nalijua mimi na kitabu tu.

"Hewa ikishatosha, ndipo afungulie maji. Polepole."

Mama wa maabara akavuta ushungi, akafunika mdomo. Mimi nikadhani anapiga miayo, nikapandisha sauti: "Narudia! Polepole! Akifungulia kwa pupa, vitatoka hata visivyotakiwa kutoka!" Nilimaanisha mchanga. Ukinyanyuliwa kwa nguvu mno unakwenda na maji, na chujio linabaki na kina pungufu. Naapa nilimaanisha mchanga.

Mkuu kainama, mabega yanatikisika. Nami nikamalizia kwa madaha: "Aangalie rangi ya yanayotoka. Yakiwa safi, amemaliza."

Kimya. Yule mzee akanyoosha mkono taratibu.

"Mwanangu, na sabuni je?"

Sitaki kueleza kilichofuata. Mkuu alitoka nje na simu sikioni, simu ambayo haikuita. Waliobaki walilia machozi. Baadaye mzee alinipeleka kwenye chujio lenyewe, akanionyesha koki moja baada ya nyingine, na sasa karatasi ukutani inasema "kuosha chujio kwa maji ya kupandisha". Mtu kashaandika chini yake kwa kalamu: "bila sabuni".

Imebaki sura ya klorini, ile ya kuiacha dawa ndani ya maji dakika 30 ndipo upime iliyobaki. Nimemwomba mama wa maabara aisome yeye. Amekataa.