Ndala zipande siti ya nyuma

Mie nikipanda gari ya mtu cha kwanza naangalia miguuni, amevaa nini. Na hapa Tanga na hili joto jibu mnalijua, ndala.

Yalinikuta mwenyewe. Natoka Ngamiani naenda Pongwe na kagari kangu ka oto, spidi 50 hivi, bodaboda akachomoka bila hata kuangalia. Nikahamisha mguu toka kwenye mafuta kwenda breki, mguu umefika ila ndala haijafika, ncha yake imejikunja imeingia chini ya pedeli. Gari nyingi pedeli ya breki imekaa juu kidogo kuliko ya mafuta, kwa hiyo lazima unyanyue mguu, na ndala haina mkanda wa nyuma, wewe unanyanyua yenyewe inaning'inia. Kwa spidi ile kuhangaika nusu sekunde tu gari imeshakula kama mita 7. Nilikuja kufunga breki kwa vidole vitupu, yule jamaa nikamkosa padogo sana.

Dada zangu wa skuna, nyie shida yenu ni kisigino. Kisigino ndo kinatakiwa kikae chini kwenye sakafu, mguu ugeukie hapohapo, mara mafuta mara breki. Ukikiinua huko juu unakanyaga kwa ncha ya mguu, huwezi kupima umebonyeza kiasi gani, unakuta gari inaruka ruka au breki inashika ghafla, bado huo mchuma haujachimba kapeti ukanasa. Bora peku kuliko hivyo, ingawa peku nayo mguu ukiwa na maji unateleza.

Halafu madera. Shangazi yangu ana gari ya gia, nikamwambia shangazi hilo pindo linaburuza, akanijibu "we mtoto nimeanza kuendesha hujazaliwa". Sawa. Nikamwomba gari ikiwa imezimwa akanyage klachi na breki harakaharaka kama anakwepa mbuzi. Mara ya tatu kisigino kikakanyaga pindo, nguo ikavutika, goti likagoma kunyanyuka. Kimyaa. Sasa hivi akikaa tu analikusanya, analibana chini ya mapaja mpaka vifundo vya miguu vionekane, ndo anawasha. Na nyie wa kanzu msijifanye hamjasikia, ni yaleyale.

Kitu kimoja watu wanakosea, anavua viatu vizuri halafu anavisukuma chini ya siti yake. Ukifunga breki vinateleza mbele, vikikaa nyuma ya pedeli hata ukanyage vipi haishuki. Tupa upande wa abiria au nyuma.

Shangazi kanunua raba za soli nyembamba, zenye kamba, zinakaa humohumo kwenye gari, ndala zake zinapanda siti ya nyuma kama abiria. Juzi kanikuta nimekaa kwenye usukani na malapa, kaniomba leseni.